Siku Taratibu Alipouacha Wali Uungue

Kwenye karakana ya vioo walimwita Taratibu, na jina lilimkaa sawasawa kama kofia ya kupimiwa. Kila walipotoa kioo kikubwa kwenye rafu, wawili huku na wawili kule, yeye ndiye aliyesikika akisema, "Taratibu, jamani, taratibu," kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Hakuwa mzembe. Mikono yake iliijua kazi. Ila akili yake ilikuwa na tabia ya kutoka matembezi bila kuaga. Ungemkuta amesimama na kipande cha kioo mkononi, jua limepita ndani yake likaangukia ukutani, na yeye amelifuata huko huko, mpaka tajiri wake akohoe.

Alikuwa kijana mwenye ndevu zake, na hajawahi kupika chakula cha mtu kula akashiba. Chai alijua. Yai la kuchemsha alijua. Zaidi ya hapo, hapana, wala si kwa uvivu. Jikoni kwa mama yake hapakuingiliwa. Mama akienda kupika aliusukuma mlango nyuma yake, na Taratibu alipokuwa mdogo alikaa nje kwenye ujia mwembamba, akichezea vifungo vya sare, akimsikia mama ananong'ona humo ndani. Alidhani anahesabu vikombe, au anasali. Akigonga, alijibiwa, "Subiri, baba, kinaiva," na kweli kilikuwa kinaiva. Baadaye alizoea. Mtoto akikulia na mlango uliofungwa, hauoni tena kuwa ni mlango, anaona ni ukuta.

Mama alikuwa mshonaji wa sare. Kitambaa cheusi, uzi mweusi, miaka nenda miaka rudi, chini ya taa ndefu inayovuma kama nyuki. Macho yalipoanza kuona ukungu alilaumu taa kwanza, halafu akalaumu uzi, halafu sindano, akisema za siku hizi zinatengenezwa bila matundu. Siku aliposhona mkono wa shati mahali pa shingo ndipo alipokubali kwenda hospitali.

"Mtoto wa jicho," daktari alimwambia. "Yamepata yote mawili. Tutaanza na la kulia."

Mama alirudi nyumbani siku hiyo akimwambia mwanawe, "Kumbe nina watoto watatu. Mmoja nimemzaa, wawili wamejiotea wenyewe."

Walimpasua jicho la kulia mwisho wa juma. Kazi yenyewe haikuwa ndefu, wala hakuumia. Alirudi akiwa ameshikwa mkono, jicho limefunikwa kwa kitambaa cheupe na ngao ndogo ya plastiki, na maagizo yakamfuata mpaka mlangoni: asiiname, asinyanyue kitu kizito, asijisugue, na kwa siku hizi za mwanzo akae mbali na moshi na mvuke. Maana yake, jikoni asikanyage.

Mdogo wake, yule ambaye Taratibu alimwita mama mdogo, ndiye aliyepaswa kuja kukaa nao na kupika. Kesho yake asubuhi akapiga simu. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameamka na homa.

"Nitakuja kesho, Mungu akipenda," alisema. "Leo mnunulie chakula hapo nje."

Taratibu alimtazama mama yake aliyekaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, kichwa ameegemeza nyuma kama alivyoagizwa, mikono imelala mapajani bila kazi. Hakukumbuka kuwahi kuiona mikono ile bila kazi. Jicho lisilofunikwa lilikuwa wazi, lakini lilitazama ukungu wake wenyewe.

"Hapana, mama mdogo," alisema. "Leo napika mimi. Niambie tu wali unapikwaje."

Mama mdogo akamwambia, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia yenye mashimo: vikombe viwili vya mchele, uchambue, uuoshe mpaka maji yatoke meupe kidogo tu. Vikombe vinne vya maji, chumvi, mafuta kijiko kimoja. Yakichemka tia mchele, koroga mara moja, basi. "Ukiona maji yamefika usawa wa wali na vishimo vimeanza kuonekana juu, funika na upunguze moto mpaka uwe mdogo kabisa. Umesikia? Hapo ndipo watu wanapoharibu. Punguza moto."

"Nimesikia. Punguza moto."

"Na usifunuefunue. Wali haupendi umbea."

Mama, aliyesikia yote kutoka kwenye kiti, alitabasamu tu kidogo upande mmoja, ule usiovuta kitambaa cha jicho.

Basi Taratibu akaingia jikoni, peke yake, mchana kweupe, na akasimama kwanza. Hakuwa amewahi kukitazama chumba kile kwa nafasi. Kilikuwa kidogo, jiko la gesi la mafiga mawili juu ya meza ya saruji, sufuria zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule, miko imening'inia kwenye misumari. Mahali mama aliposimama kila siku sakafu ilikuwa imelika, ikafanya kidimbwi kikavu cha miguu miwili. Taratibu akaweka miguu yake pale. Haikuenea, lakini alijisikia kama mtu aliyeruhusiwa kulala kwenye kitanda cha mfalme.

Alianza na mchuzi, maana mama mdogo alisema mchuzi husubiri na wali hausubiri. Alikata kitunguu, akalia machozi kama msiba umemfika, akakikaanga mpaka kikawa rangi ya asali. Akamenya nyanya, akazitia, akaziacha zipondeke zenyewe. Mayai manne aliyachemsha pembeni, akayamenya, akayazamisha humo. Harufu ilitoka nzuri mpaka akashangaa kwamba ni yeye. Akaufunika mchuzi, akazima.

Halafu mchele. Aliumwaga kwenye sinia, akauchambua kwa kidole, punje kwa punje, mawe huku, ganda huku. Kazi hii ilimpendeza kuliko alivyotegemea. Jua la dirishani lilipita kwenye kioo cha zamani, kile chenye mawimbi ambacho alikuwa akikataa kukibadilisha, na mwanga ukawa unatembea juu ya mchele kama maji ya kisima. Aliuosha mara tatu. Maji ya kwanza yalitoka kama maziwa, ya pili kama ukungu, ya tatu akaona mkono wake chini. Akachemsha vikombe vinne, akatia chumvi na mafuta, akatia mchele, akakoroga mara moja. Sufuria aliyochagua ilikuwa ile nyepesi ya bati, kwa sababu ilikuwa inang'aa. Mfuniko wake ulikuwa umepinda upande mmoja, akaona si kitu.

Moto aliuacha mkubwa, ili maji yachemke haraka. Sufuria ikaanza kubwabwaja. Povu jeupe likapanda, likashuka. Taratibu alisimama akitazama maji yakipungua, mpaka punje zikaanza kuonekana, na katikati yao vishimo vidogo vikipumua mvuke. Je, hivi ndivyo vishimo alivyoambiwa? Au bado? Alifunika sufuria, akavuka ujia hatua mbili kwenda kumuuliza mama, mkono mmoja bado umeshika mwiko. Alikusudia kuuliza neno moja na kurudi.

Alisimama mlangoni pa sebule, akaegemeza bega kwenye fremu.

"Mama," alisema, "vile vishimo..."

"Baba yako alikuwa anasimama hivyo hivyo," mama akasema.

Taratibu akaushusha mwiko.

"Sikuoni, nakuona kivuli tu. Lakini sauti yako imetoka juu, upande wa kushoto, hapo kwenye fremu. Alikuwa anaegemea hapo hapo. Mwili mzima umechoka, na bado hataki kukaa."

Sasa lazima ujue kwamba katika nyumba ile, baba hakuzungumzwa. Alikufa Taratibu akiwa bado anabebwa mgongoni. Picha yake moja ilikuwa ndani ya sanduku, na alipouliza, utotoni, mama alijibu, "Alikuwa mtu mwema," na kuanza kutafuta mkasi. Maneno hayo matatu ndiyo urithi wote aliopewa. Aliulizauliza mpaka akachoka, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye taa inayowaka lakini hakuna anayefungua.

Na leo mama alikuwa amefungua mwenyewe, bila hodi.

"Alikuwa mwokaji mikate," aliendelea, uso ameelekeza dirishani. "Hilo unalijua?"

"Silijui."

"Basi mwokaji. Wenzake wakiamka yeye anarudi kulala. Alikuja kwenye kile kiwanda chetu cha kushona siku moja, ameshika aproni imechanika mfukoni. Nikamshonea. Wiki iliyofuata akaja, aproni ile ile, imechanika pale pale. Nikashona tena, mara mbili, uzi mnene. Wiki ya tatu huyo anakuja. Nikauchunguza mchaniko. Mwanangu, kitambaa kikichanika kwa kuvutwa, nyuzi zinatoka ndefu ndefu, hazilingani. Ule ulikuwa umenyooka. Ulikuwa umekatwa kwa wembe."

Taratibu alicheka pumzi tu, bila sauti. Nyuma yake, ng'ambo ya ujia, sufuria ilikuwa bado inabwabwaja, na mfuniko uliopinda ulikuwa unagongagonga taratibu. Akakumbuka moto. Nitakwenda sasa hivi, alijiambia, akimaliza hapa.

"Nikamwambia, 'Kaka, ukitaka kuniona, njoo na aproni nzima. Mimi napata kazi ya kutosha.' Akasimama pale, unga kwenye nyusi, mtu mzima, anaona haya. Akasema, 'Aproni nzima ninayo, lakini nikija nayo nitasema nimefuata nini?'"

Chumba kilikuwa kimetulia. Dirisha la hapa nalo lilikuwa na kioo cha zamani chenye mawimbi, kikautupa mwanga, ukawa unapanda na kushuka juu ya uso wa mama, juu ya kitambaa cheupe, juu ya shavu, hata Taratibu akahisi kama anamsikiliza mtu aliyelala chini ya maji masafi na anaongea huko huko bila shida. Alimsikia baba yake akirudi alfajiri, mweupe mwili mzima, majirani wakimtania kuwa ni mzimu anayelipa kodi. Alimsikia akiweka mkate wa moto juu ya meza na kuukataza usikatwe, kwamba mkate una roho mpaka upoe. Mama alisimulia kwa sauti ya chini, bila haraka, na mara kwa mara alisimama, kama anayepapasa hatua inayofuata gizani, akaipata, akashuka.

Ndipo mlio wa sufuria ukabadilika.

Taratibu aliusikia. Kule kubwabwaja kulikuwa kumekwisha, kukawa mnong'ono, kisha mnong'ono nao ukakauka, na badala yake kikaanza kitu kidogo cha kupasukapasuka, tik, tik, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Alikuwa mkata vioo. Alijua kwamba kitu kikibadilisha sauti kimebadilisha hali. Almasi ikipita vizuri juu ya kioo inatoa mlio mmoja mwembamba kama hariri inayochanwa, na ukikatika mlio ujue na kioo kitakatika vibaya. Lakini hakuijua lugha ya wali. Hakujua kwamba maji yakiwapo chini, sufuria haiwezi kupata moto kuliko maji yanayochemka, na kwamba yakiisha, basi, hakuna tena wa kuuzuia moto, unaingia kwenye punje wenyewe.

Halafu ikaja harufu. Mwanzo ilikuwa nzuri, tamu, kama mahindi ya kuchoma. Akadhani ndiyo kuiva.

"Ulipozaliwa," mama alikuwa anasema, "akawa hataki kukushika. Anaogopa. Mtu anayetia mkono tanurini anaogopa kitoto cha kilo tatu. Asubuhi moja nikiwa nimechoka, umelia usiku mzima, nikakuweka tu mikononi mwake alivyoingia, hajanawa. Ukanyamaza pale pale. Ulikuwa umefungwa kitenge cheusi. Alipokurudisha kwangu, mgongoni mwako palikuwa na mikono miwili ya unga, vidole vyote kumi. Kitenge kile sikukifua."

Ule utamu wa harufu ukageuka. Nyuma yake kukaja kitu kichungu, chembamba, kinachopanda puani na kukaa. Sasa Taratibu alijua. Hakuhitaji mama mdogo kumwambia. Wali ulikuwa unaungua.

Alihamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, tayari kuondoka, na ubao wa sakafu mlangoni ukalia. Mama akanyamaza. Hakugeuza kichwa. Mikono yake iliyokuwa imefunguka mapajani ikaanza kufunga polepole, na Taratibu akaiona. Aliitambua ile hali. Ndiyo ile ya utotoni, ya kuanza kutafuta mkasi.

Hatua mbili tu mpaka jikoni. Kugeuza kitufe, hatua mbili kurudi. Lakini akirudi atamkuta nani kwenye kile kiti? Chakula chake cha kwanza maishani, alichochambua punje kwa punje, kilikuwa kinageuka mkaa nyuma ya mgongo wake, na aliona uchungu kweli. Akaegemeza tena bega kwenye fremu, ubao ukalia mara ya pili.

"Endelea, Mama," alisema.

Mama akaelekeza sikio mlangoni.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Endelea."

Mikono ikafunguka. Akasimulia yaliyobaki, na hayakuwa marefu. Kifua. Unga wa miaka na joto la tanuri na baridi ya alfajiri, vikakutana mahali pamoja. Alikohoa msimu mmoja, akasema ni mafua, akaenda kazini. Siku ya mwisho alikaa, hakusimama mlangoni, na hapo mama akajua. Alimwomba amwekee mtoto kifuani. Mtoto akalala, naye akalala, na aliyeamka ni mmoja.

"Basi," mama alisema. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa." Akavuta pumzi puani, ndefu. "Sasa nenda ukatazame wali wako kabla majirani hawajaleta ndoo za maji."

Taratibu alikimbia. Jikoni palikuwa pameingia ukungu wa buluu, si mwingi, unaning'inia usawa wa kifua. Alizima gesi, akafungua dirisha, akakamata mfuniko kwa kitambaa. Mvuke na moshi vikampiga usoni pamoja. Juu wali ulikuwa mweupe, hauna habari, umetulia kama hakuna lililotokea. Pembeni, ulipokutana na sufuria, ulikuwa na mstari wa kahawia, na chini ya mstari huo ulikuwa mweusi. Akauchukua mwiko.

"Usikoroge," sauti ikasema nyuma yake.

Mama alikuwa amefika mpaka kwenye ujia, mkono ukutani.

"Mama, umeambiwa usije huku. Kuna moshi."

"Moshi unatoka dirishani, na mimi siingii. Niletee kigoda hapa kizingitini." Akakaa, mgongo umenyooka, mkono ameuweka mbele ya lile jicho lililofunikwa. "Ukikoroga, uchungu wa chini utaupandisha juu, na hapo utakuwa umeunguza sufuria nzima. Sasa hivi umeunguza chini tu. Weka maji baridi kwenye beseni, ukalishe sufuria humo ndani."

Alifanya hivyo. Sufuria ilifoka kwa sauti kubwa, kisha ikatulia. Ile tik, tik ya ndani nayo ikanyamaza.

"Moto ulikuwa umezimwa," mama alisema, "lakini bati lilikuwa bado na hasira. Lingeendelea kuunguza peke yake. Haya, chukua sufuria nzito, ile nyeusi. Chota wali wa juu kwa upawa, kama unachota malai juu ya maziwa. Usichimbe. Upawa ukigusa kitu kigumu, umefika mpaka wa nchi, rudi."

Akachota. Mara ya tatu upawa uligusa ukoko, akarudi. Alikuwa ameokoa karibu theluthi mbili. Mama akamwomba punje chache kiganjani, akazitia mdomoni, akatafuna kwa meno ya mbele.

"Una kiini. Nje laini, katikati jiwe. Unajua kwa nini? Moto mkubwa umefukuza maji kabla wali haujayanywa. Mvuke nao umetokea kwenye ule mfuniko mbovu. Hata mimi ule mfuniko siutumii ila kufunikia chumvi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulisema leo unapika wewe."

Akamwelekeza: anyunyizie maji ya moto, nusu kikombe, si baridi, yasije yakaushtua. Atandaze kitambaa safi juu ya sufuria, akandamize mfuniko mzuri juu yake, ncha za kitambaa azikunje juu zisifike motoni. Kitambaa kitakunywa jasho la mfuniko, wali usilowe. Moto uwe mdogo kabisa, ule unaofanya kama unataka kuzimika.

"Na kabla hujafunika, kuna mkate?"

"Upo kipande."

"Ulaze juu ya wali. Mkate unavuta harufu ya moshi. Hautaivuta yote, lakini utapunguza."

Taratibu aliulaza mkate, akafunika. Halafu akaketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, akimwelekea mama, kizingiti kikiwa kati yao. Walisubiri. Kutoka kwenye sufuria nzito hakukutoka mlio wowote ila mpumuo mdogo.

"Uliisikia harufu tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ilipokuwa tamu. Na mlio kabla ya hapo. Mimi nimepika wali kabla hujawa na meno."

"Na hukusema."

"Nilikuwa nasubiri uondoke." Aliguna kidogo. "Nilisema moyoni, akienda, basi, Mungu hakutaka. Nitanyamaza na nitakufa nayo. Ukabaki. Nikasikia kabisa umeamua, sakafu ilivyolia mara ya pili."

Taratibu alitazama mikono yake. Palikuwa na mkwaruzo wa kioo wa juzi kwenye kidole gumba, na masizi mapya juu yake.

"Kwa nini leo, Mama? Miaka yote hii."

Mama alijibu kama anajieleza mwenyewe. "Mimi yale maneno nilikuwa nayasema kila siku. Humu ndani. Nikishaufunga mlango, naweka sufuria, naanza kuongea naye. Namwambia umefanya nini shuleni, nani ameniudhi kazini, bei ya vitunguu. Ndiyo maana sikutaka mtu aingie. Mwanamke anaongea na sufuria, watu watasema nini? Leo nimeketi kule, nasikia wewe ndiye unakata kitunguu, wewe ndiye unaosha mchele, na mimi sina pa kusemea. Maneno yamejaa mpaka hapa. Ukaja ukasimama pale anaposimama yeye." Akainua mabega. "Yakamwagika."

"Nilidhani unahesabu vikombe."

"Vikombe viwili vinahesabiwa saa nzima?"

Walicheka wote wawili, mama akiwa ameshika upande wa kitambaa chake ili kicheko kisimtikise jicho. Aliambiwa asikohoe kwa nguvu na asipige chafya ovyo, lakini kuhusu kucheka daktari hakusema kitu.

Alipofunua, kitambaa kilikuwa kimelowa na mkate umekuwa mzito, rangi ya majivu, unanuka kama jiko la kuni. Akautupa. Wali ulikuwa umeiva. Haukuwa wa kupigiwa picha, punje nyingine zilikuwa zimeshikana kama ndugu wanaogombania shamba, lakini ulikuwa laini mpaka ndani. Alipakua sahani mbili, akamimina mchuzi, akaweka mayai. Akamrudisha mama kwenye kiti chake, akamwekea sahani juu ya mto mapajani, akamshika mkono mpaka kijiko.

Mama alikula kijiko cha kwanza.

"Mchuzi mzuri," alisema.

"Na wali?"

"Mchuzi ni mzuri sana."

"Mama."

"Wali una moshi kidogo," alisema, "kama mtu aliyetoka safari." Akala kijiko cha pili, na cha tatu, na hakusimama tena mpaka nusu ya sahani. "Mwaka wa kumi na ngapi sijui, sijala chakula ambacho sikukipika mwenyewe, ukiacha cha hospitali, na kile si chakula. Kumbe ukipikiwa njaa inakuja upya. Ukoko umeuacha?"

"Umeungua, Mama."

"Wa chini umeungua. Wa pembeni ni wa kahawia, nimeusikia kwa harufu. Ukwangue."

Akaenda akaukwangua kwa ncha ya kisu, akitenga weusi, akaleta vipande vichache kwenye kisosi. Vilikuwa vikavu, vinavunjika kama maganda, vina mafuta na chumvi kidogo. Walivila kwa vidole. Sufuria ya bati aliijaza maji na magadi, akaiacha iloweke. Ilikuwa kazi ya siku mbili kuisugua, na doa moja halikutoka kamwe, lakini hiyo ni habari ya baadaye.

Sahani zilipokuwa tupu, mwanga wa dirishani ulikuwa umeshuka mpaka sakafuni. Taratibu alikaa kwenye mkeka karibu na miguu ya mama, ameshiba na amelegea, na maswali yalikuwa yanapanda moja baada ya jingine. Akachagua dogo.

"Alikuwa anachekaje?"

"Nani, baba yako?" Mama alifikiri. Alivuta midomo ndani, akajaribu. Kikatoka kitu kama mlango mbovu unaofunguliwa. "Hapana, siyo hivyo. Ngoja." Akajaribu tena, kutoka chini zaidi, tumboni, na safari hii kilikuwa karibu, alisema, karibu sana, ila kicheko cha baba kilikuwa kinaishia juu. Akamwambia Taratibu ajaribu yeye, maana koo la mwanamume ni jingine. Taratibu akajaribu.

"Juu kidogo," mama alisema, ameinamisha sikio. "Rudia."